Wiki Nne za Kungoja Zege: Kuchora Chati ya Gantt ya Andiko la Mradi katika Ukurasa Mmoja

Kikundi cha wazazi wa shule moja ya msingi mkoani Dodoma kilikuwa kinaandika andiko la mradi, kuomba fedha za kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua, la lita 50,000. Katibu wao aliniletea rasimu niisome kabla haijatumwa kwa mfadhili. Maelezo ya tatizo yalikuwa mazuri, na bajeti ilikuwa imepigwa kwa makini hadi bei ya mfuko mmoja wa saruji. Kisha nikafika kwenye ratiba. Lilikuwa jedwali la shughuli sita katika miezi sita, na kila shughuli ilikuwa na mwezi wake: wa kwanza mkutano, wa pili mchoro, wa tatu kumpata fundi, wa nne vifaa, wa tano ujenzi, wa sita makabidhiano. Pau sita zilizoshuka kama ngazi, zote za urefu mmoja.

"Dada katibu," nikamuuliza, "zege la tangi hili mtaliacha siku ngapi kabla ya kulijaza maji?"

"Hilo analijua fundi, kaka."

"Basi tumpigie fundi, tuchore naye."

Ngazi ya namna ile nimeiona katika maandiko mengi, na hata andiko langu la kwanza lilikuwa nayo. Inatokea pale mwandishi anapochukua miezi ya mradi na kuigawa kwa idadi ya shughuli. Msomaji aliyezoea maandiko huitambua mara tu anapoiona, kwa sababu mkutano wa siku moja hauwezi kuchukua muda sawa na ujenzi wa tangi. Hapo hujua kwamba mtu atakayeifanya kazi hajaulizwa, na huanza kuitilia shaka hata bajeti, ambayo pengine haina kosa.

Chati yenyewe ni kitu rahisi. Upande wa kushoto unaorodhesha kazi kutoka juu kwenda chini, juu unapanga muda kutoka kushoto kwenda kulia, na mbele ya kila kazi unachora upau unaoanza pale kazi inapoanza na kukoma pale inapokwisha. Urefu wa upau ndio muda wa kazi. Jina limetokana na Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1861 na kufariki 1919, ambaye alitumia michoro ya aina hii viwandani kulinganisha kazi iliyopangwa na kazi iliyofanyika. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alikuwa amebuni mchoro unaofanana nayo tangu mwaka 1896, lakini maandishi yake yalikuwa ya Kipolandi na Kirusi, na jina lililoenea duniani likawa la Gantt.

Ugumu hauko katika kuchora. Uko katika kujua upau uwe na urefu gani na uanzie wapi, na hayo mawili hayapatikani mezani kwa mwandishi.

Tulimpigia fundi, mzee aliyejenga matangi kadhaa ya shule katika wilaya ile. Katibu akamwamkia, kisha akamuuliza kazi moja baada ya nyingine. Niliona alivyobadilisha swali lake baada ya jibu la kwanza. Alianza kwa kuuliza, "Ukuta utachukua muda gani?" Mzee akajibu kwamba inategemea. Ndipo akauliza, "Mkiwa mafundi wawili na vibarua wanne, ukuta utachukua siku ngapi za kazi?" Hapo jibu likaja: "Wiki mbili na nusu. Andika tatu, mwanangu, maana kuna Jumapili na kuna misiba."

Swali zuri la muda hutaja watu na hutaja siku za kazi. Siku 15 za kazi ni wiki tatu za kalenda kwa watu wanaofanya kazi siku tano, na ni wiki mbili na nusu kwa wanaofanya siku sita. Kwenye chati andika wiki za kalenda, kwa sababu mfadhili na mwalimu mkuu wanahesabu kwa kalenda. Nusu wiki izungushe kwenda juu, kama alivyofanya mzee.

Jibu lake la pili ndilo lililoivunja ngazi ya katibu. "Mfuniko nikishaumwaga na plasta ikaisha, tangi liacheni wiki nne. Lowanisheni asubuhi na jioni, msilikaushe. Atakayelijaza kabla ya hapo asinitafute." Wahandisi wanasema jambo hilohilo kwa lugha yao: nguvu ya zege hupimwa rasmi likiwa na umri wa siku 28, na katika siku hizo linahitaji unyevu ili saruji iendelee kushika. Likikauka mapema hupasuka nyufa nyembamba, na tangi lenye nyufa halikai na maji. Kwa hiyo wiki nne zile hazina fundi, hazina kibarua, na karibu hazina gharama, lakini ni shughuli kamili inayostahili upau wake.

Kungoja ndiko kunakosahaulika zaidi katika chati hizi. Watu huchora mikono inayofanya kazi na kuacha zege linalokomaa, barua inayosubiri saini, mzigo ulioko barabarani, mhandisi wa halmashauri anayepaswa kupangiwa siku ya kuja. Katika mradi mdogo kama huu, kungoja kwa namna hizo huchukua sehemu kubwa ya muda wote. Tulipouliza ofisini kuhusu mchoro, tuliambiwa tuhesabu wiki tatu tangu barua ipokelewe hadi mchoro usainiwe, ingawa kupima eneo lenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Tuliandika wiki tatu.

Baada ya urefu kinakuja kitu cha pili: kila kazi inangoja nini? Tuliandika kila shughuli kwenye kipande cha karatasi, tukavitandaza mezani, na kwa kila kimoja tukauliza swali hilo tu. Zege la sakafu linangoja msingi uchimbwe na saruji ifike. Ukuta unangoja sakafu ishike, na kwa hilo mzee alitaka wiki moja. Kazi ambayo haikungoja nyingine iliruhusiwa kusogea kushoto, ikafanyika sambamba na wenzake. Wazazi kukusanya mawe na mchanga, ambao ndio mchango wao katika mradi, hakuhitaji kungoja fundi apatikane. Kulihitaji mchoro tu, ili wajue kiasi. Mifereji ya bati na mabomba yake hufungwa kwenye paa la madarasa, kwa hiyo fundi wa mifereji anaweza kufanya kazi yake wakati zege la tangi linakomaa pembeni.

Hesabu ikawa hivi. Mkutano wa kuanza na kamati ya shule, wiki 1. Mchoro, wiki 3. Kukusanya bei, kumchagua fundi na kusaini mkataba, wiki 3. Kununua na kusafirisha vifaa, wiki 2, na msingi ukichimbwa ndani ya wiki hizohizo. Sakafu wiki 1, kuishikisha wiki 1, ukuta wiki 3, mfuniko na plasta wiki 2, kukomaa wiki 4, kujaza maji na kuangalia mivujo wiki 2. Jumla ni wiki 22. Huo ndio mnyororo mrefu kuliko yote katika mradi, na wiki moja ikipotea popote ndani yake, makabidhiano yanasogea wiki moja. Kazi zilizo nje ya mnyororo, kama mawe na mifereji, zina mwanya: mifereji inahitaji wiki 2 na ina nafasi ya wiki 4, hivyo fundi wake akichelewa wiki mbili hakuna kinachoharibika. Ripoti ya mwisho ikachukua wiki 2 baada ya makabidhiano, na chati ikafungwa kwenye wiki ya 24.

Hiki ni kipande cha chati, kuanzia wiki ya mwisho ya ukuta:

```
Wiki                 14 15 16 17 18 19 20 21 22
Ukuta                ██
Mfuniko na plasta       ██ ██
Zege kukomaa                  ██ ██ ██ ██
Mifereji na mabomba           ██ ██
Ujenzi umekamilika                     ◆
Kujaza na kupima                          ██ ██
```

Ule mwiba wa almasi kwenye wiki ya 20 ndio alama ya hatua muhimu. Mimi napenda kuiita kituo, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi: basi linapita au halipiti. Kazi ina urefu, kituo hakina. Kazi inaweza kuwa imefanyika nusu, kituo hakiwezi. Ndiyo maana jina la kituo liandikwe kama jambo lililokwisha na linaloweza kuonyeshwa kwa mtu: "Mchoro umesainiwa", "Mkataba umesainiwa", "Ujenzi umekamilika", "Tangi limekabidhiwa". Katibu alikuwa ameandika "Ufuatiliaji na tathmini" kuwa hatua muhimu, na "Uhamasishaji wa jamii" kuwa nyingine. Nilimwomba aniambie ni siku gani atanionyesha kwamba uhamasishaji umefika. Hakuwa na siku. Basi hicho si kituo, ni kazi, tena kazi inayohitaji kuandikwa upya kwa jina linaloonyesha nani anafanya nini.

Vituo vinne viliwatosha. Wafadhili wengi hutoa fedha kwa awamu na huzifunga kwenye vituo hivi, kwa hiyo usiweke kituo mahali ambapo huna karatasi ya kuonyesha: mchoro wenye saini, mkataba, cheti cha mhandisi, hati ya makabidhiano. Na ukiweka almasi kumi, hakuna hata moja itakayoonekana.

Awamu zilikuja mwisho kabisa, baada ya pau zote kukaa mahali pake. Watu wengi huanza nazo, kisha hulazimisha kazi ziingie ndani. Tulitazama chati tukaona inakatika yenyewe sehemu mbili: pale mkataba unaposainiwa na vifaa kuanza kununuliwa, na pale ujenzi unapokamilika. Tukapata Maandalizi, Ujenzi, na Majaribio na Makabidhiano. Kila awamu ikapewa mstari wa kichwa wenye herufi nzito na upau mwembamba mweusi unaofunika kazi zake zote, ili mtu asiye na muda aweze kusoma mistari mitatu tu akaelewa mradi.

Shughuli zilikuwa 15, vituo 4, awamu 3. Hiyo ni mistari 22, na inaenea bila taabu kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa. Ikizidi mistari 25 hivi, herufi zinakuwa ndogo na msomaji anaanza kukisia. Dawa yake ni kuunganisha kazi zinazofanywa na mtu mmoja mfululizo bila kungoja. "Kununua saruji", "kununua nondo" na "kununua wavu" ni mstari mmoja, "Kununua na kusafirisha vifaa". Lakini usiunganishe kazi na kungoja kwake. "Ujenzi wa tangi, wiki 11" ungetupa mstari mmoja mfupi na kuzificha wiki nne za zege, na hizo ndizo tulizotaka mfadhili azione.

Kwa mradi wa miezi sita tulitumia wiki. Mradi wa mwaka mmoja huenea vizuri zaidi kwa miezi, na wa miaka mitatu kwa robo mwaka. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kazi fupi kuliko zote ijaze angalau kisanduku kimoja, na nguzo za muda zisizidi 30 au hivyo.

Chati hii haihitaji programu ya kulipia. Penseli na karatasi ya miraba vinatosha kwa rasimu, na kwa nakala safi tulitumia Excel. Safu ya A ina jina la shughuli, B wiki ya kuanza, C muda kwa wiki, D wiki ya mwisho, na kuanzia E1 kwenda kulia ziko namba za wiki, 1 hadi 24. Kwenye D2 unaandika fomula ya mwisho, na kwa shughuli inayongoja ile ya juu yake, wiki ya kuanza nayo inakuwa fomula:

```
D2:  =B2+C2-1
B3:  =D2+1
```

Kisha unachagua visanduku vyote vya wiki kuanzia E2, unafungua Conditional Formatting, New Rule, unachagua "Use a formula to determine which cells to format", unaandika fomula ifuatayo na kuchagua rangi:

```
=AND(E$1>=$B2,E$1<=$D2)
```

Pau zinajichora. Almasi za vituo tuliziandika kwa mkono kwenye visanduku vyake. Faida kubwa ni ile fomula ya safu ya B. Mzee wetu alipopiga simu kesho yake kusema ukuta apewe wiki nne, katibu alibadilisha namba moja na pau zote zilizofuata zikasogea zenyewe. Aliijaribu, akaona makabidhiano yameenda wiki ya 23, na almasi zilizoachwa nyuma akazisogeza. Baadaye mzee akakubali kuongeza kibarua, tukarudi kwenye tatu. Kabla ya kuchapa, nenda Page Layout, weka Orientation iwe Landscape, na chini ya Scale to Fit weka Width na Height kuwa "1 page".

Chapa kwanza nakala moja nyeusi na nyeupe. Maandiko mengi hutolewa kopi kabla ya kufika mbele ya kamati, na pau za njano na kijani kibichi hutoka kwenye mashine ya kopi kama kivuli. Tumia rangi moja nzito kwa kazi, mistari ya mshazari kwa kungoja, na nyeusi kwa vituo.

Mpaka hapa chati ilikuwa na wiki tu, bila majina ya miezi. Katika andiko hilo ni jambo la busara, kwa sababu hujui fedha zitafika lini, na watu wengi huandika "Mwezi wa 1, Mwezi wa 2" wakaachia hapo. Lakini mradi huu unaitegemea mvua, na Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili. Kwa hiyo chini ya namba za wiki tuliongeza mstari wa miezi, tukichukulia kwamba kazi inaanza tarehe 1 Juni. Wiki ya 22 ikaangukia mwishoni mwa Oktoba. Kuna wiki nne za akiba kabla ya mvua.

Katibu aliitazama chati ile yenye miezi kwa muda mrefu, kidole chake kikitembea kwenye upau wa mshazari. "Kaka," akasema, "hizi wiki za kumwagilia zege ni Septemba na Oktoba."

"Ndiyo."

"Na kujaza tangi kupima mivujo ni Oktoba hiyohiyo. Shuleni hakuna maji Oktoba. Ndiyo sababu tunajenga tangi."

Tulirudi kwenye bajeti. Hakukuwa na hata shilingi ya maji ya ujenzi. Tangi la lita 50,000 ukitaka kulijaza wakati wa kiangazi ni safari tano za boza la lita 10,000, achilia mbali maji ya kuchanganyia zege na ya kulowanisha asubuhi na jioni kwa wiki nne. Bajeti ilikuwa imesomwa na wanakamati wote na hakuna aliyeona, kwa sababu bajeti haina msimu. Wakaongeza mstari wa maji. Mzee wa tangi akashauri lijazwe nusu kwanza, liangaliwe siku tatu, kisha lijazwe lote, na maji yenyewe yabaki humo watoto wayatumie.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma chati na bajeti zikiwa zimewekwa kando kwa kando. Kila mstari wa chati unapaswa kuwa na fedha zake au mtu aliyekubali kuufanya bure, na kila kundi la gharama linapaswa kuwa na upau. Majina nayo yafanane neno kwa neno. Bajeti ikisema "Semina ya kamati ya maji" na chati ikasema "Kujengea jamii uwezo", msomaji hawezi kujua kama ni kitu kimoja au viwili.

Lilibaki swali ambalo nilijua mfadhili angeliuliza: je, fedha zikichelewa? Tuliziondoa zile wiki nne za akiba na kuhesabu kurudi nyuma kutoka mwisho wa Novemba. Siku ya mwisho ya kuanza ikawa tarehe 29 Juni. Kuanza baada ya hapo kungeyasukuma majaribio yaingie kwenye mvua, na kama fedha zingefika Agosti, hata kazi ya mfuniko ingesogea hadi Novemba. Tangi lingekamilika wakati msimu umekwisha kusogea, na maji ya kwanza ya mwaka yangepotea ardhini. Katibu hakutaka kuandika jambo hilo, akihofu litaonekana kama kumwamrisha mfadhili. Mwenyekiti wake, mama mtu mzima, akamwambia aandike tu, kwa heshima.

Aliandika mistari miwili kwa herufi ndogo chini ya chati: "Ratiba hii inachukulia kuanza tarehe 1 Juni. Fedha zikipokelewa baada ya tarehe 29 Juni, tunaomba tukamilishe mchoro, mkataba na ukusanyaji wa mawe mwaka huu, na ujenzi uanze Mei mwaka unaofuata, mvua zikishakoma." Kisha akachapa, akaipeleka kwenye duka la kopi lililo karibu na stendi, akarudi na nakala tano nyeusi na nyeupe, almasi zote nne zikionekana.